Mbona Tusi Chafu Tunalirusha kwa Kiingereza?

Sikiza watu wakipiga stori hapa Nakuru, iwe ni stejini, kinyozini ama kwa base ya mtaa. Sentensi inaanza na Kiswahili, inapitia Sheng, halafu ikikaribia neno chafu inaruka ghafla kwa Kiingereza. Mtu akigonga kidole kwa kona ya meza anasema "shiti". Simu ikianguka ni "fak". Akisimulia vile dem fulani alimtenda, anamuita "bichi". Halafu stori inarudi Kiswahili kama kawaida, kama mtu aliyeruka kidimbwi cha maji na kuendelea na safari.

Sasa angalia kitu kingine. Haturuki kwa kila tusi. "Fala", "mjinga", "kichwa maji" na "pumbavu" tunazisema kwa Kiswahili bila shida, hata mbele ya watu wazima. Tunaruka kwa aina mbili tu za maneno: yanayotaja mwili na kile unachofanywa nao, na yanayomtaja mama. Kiswahili kina maneno hayo yote na kila mtu anayajua. Kuna moja linaloanza na "ku" na kuishia na "mako", hata sitaliandika, na wewe umeshalisoma kichwani. Kwa hivyo si ati Kiswahili kimepungukiwa. Tunakikwepa. Swali ni, tunakwepa nini hasa? Jibu liko kwa historia ya vile Kiswahili kilifika huku Bonde la Ufa.

Kiswahili hakikuzaliwa hapa. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na nyuma yake wakaja masetla. Mwaka wa 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 pale Njoro, na baada yake wengine wakajaza mashamba hadi Molo, Subukia na Naivasha. Kwa mashamba hayo walifanya kazi Wakikuyu, Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii. Setla hakuwa na haja ya kujifunza lugha zote hizo. Alitumia Kiswahili kilichokatwakatwa, ambacho watu walikuja kukiita Kisetla. Mwaka wa 1936 kulichapishwa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina lake lenyewe linataja kimeandikiwa nani: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Hakuna mtu hapo aliyetaka kuandika shairi. Walitaka lugha ya kuamuru. Leta, peleka, ngoja, haraka, toka.

Na pamoja na amri yalikuja matusi. Chukua neno "mshenzi". Pwani ya zamani lilikuwa neno la kupanga watu: kulikuwa na waungwana, yaani watu wa mji, na kulikuwa na washenzi, yaani watu wa bara waliodhaniwa hawajastaarabika. Ukiangalia vizuri, washenzi ni sisi, watu wa huku. Neno hilo lilipanda reli likaja bara, setla akaliokota, akalitumia kwa mfanyakazi na pia kwa mbwa asiye na asili. Kwa hivyo mzee wa zamani wa Njoro alikutana na Kiswahili kwanza kama lugha ya kutukanwa na bosi, nyapara na polisi. Hiyo ndiyo njia ya kwanza Kiswahili kilitufikia.

Njia ya pili ilikuwa safi mpaka ikapitiliza: kanisa na shule. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, na kuanzia mwaka wa 1930 kulikuwa na kamati ya Afrika Mashariki ya kukisimamia na kupitisha vitabu. Wapwani walikuwa na lugha nzima mikononi: ya msikitini, ya sokoni, ya mafumbo ya kanga, ya utani na ya matusi. Sisi tulipokea ile ya kitabuni. Halafu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na kila mtoto wa Kenya akafundishwa tafsida. Unaikumbuka tafsida. Usiseme anakunya, sema anaenda haja kubwa. Usiseme ana mimba, sema ni mjamzito. Usitaje kile kiungo, sema sehemu za siri. Ukiandika lile neno lenyewe kwa insha, unaliwa alama.

Wakati huohuo, sayansi tulifundishwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo mtoto wa Nakuru alijifunza viungo vya uzazi kwa Kiingereza, na michoro na mishale, akavikariri apite mtihani. Kwa Kiswahili alibaki na vitu viwili: tusi alilolisikia njiani, na mnong'ono wa "sehemu za siri". Katikati hakukuwa na kitu. Kamusi inayo maneno ya kawaida kabisa, "uume" na "uke", lakini jiulize ni lini umesikia mtu akiyatumia nyumbani kwa sauti ya kawaida. Hapo ndipo Kiingereza kilipata nafasi ya kuingia. Hakikuingia kwa sababu ni kizuri zaidi. Kilikuta pengo.

Lakini pengo haliwezi kueleza "fak" na "bichi". Hayo hatukufundishwa na mwalimu yeyote. Yalikuja na filamu na rapu za Marekani, na yalikuja bila mtu mzima wa kuyalinda. Huo ndio moyo wa hii stori. Tusi la Kiswahili lina kumbukumbu. Ulilisema ukiwa na miaka sita, ukazabwa kofi ama ukaambiwa utapakwa pilipili mdomoni, na mathe akakuangalia na yale macho. Tusi la Kiingereza ulilipata kwa skrini, na mara nyingi shosho yako hakujua hata umesema nini.

Hii si hisia yangu tu. Mwaka wa 2003 watafiti watatu, Harris, Ayçiçeği na Gleason, walichapisha jaribio walilofanya na watu 32 waliokulia lugha ya Kituruki na kujifunza Kiingereza baadaye, wakaishi Boston. Waliwafunga vidude kwa vidole vya kupima jasho dogo la ngozi, lile linalotoka ukishtuka hata kama uso wako umetulia. Halafu wakawapa maneno kwa lugha zote mbili: maneno ya kawaida, matusi, na zile kemeo za utotoni kama "aibu kwako". Matusi yaliwashtua kwa lugha zote mbili, lakini kwa Kituruki zaidi. Na pale tofauti ilipokuwa kubwa kabisa ni kwa kemeo. Sauti ya mzazi iliwapata kwa lugha ya utotoni, na kwa lugha ya pili ikapita tu kama upepo.

Sasa hapa kwetu kuna mkunjo mmoja. Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtu. Kama ulikulia mtaani London ama Kaptembwo, pengine Kiswahili na Sheng ndizo zilikulea. Lakini mtu aliyekulia Kuresoi ama Olenguruone alikemewa kwa Kikalenjin ama Kikuyu. Na ukisikiliza wazee wa aina hiyo, utagundua kitu cha kushangaza: wakikasirika vibaya, wengi wanaruka kwa Kiswahili. Lugha ya mama wanaiweka kando. Kwanza, kwa mila zao tusi la mzazi linakaribia laana, na laana si mchezo. Pili, baada ya Januari 2008, watu wa Nakuru na Naivasha wanajua tusi la lugha ya nyumbani linaweza kusikika kama la kabila zima. Kwa hivyo Kiswahili kwao ndicho glavu. Sisi watoto wao tulikuza Kiswahili kikawa ngozi yetu wenyewe, na sasa tumetafuta glavu mpya. Kila kizazi hapa Bonde la Ufa kimetukana kwa lugha moja mbele ya ile iliyomlea.

Kama unataka ushahidi kwamba kuruka ni kukwepa, mwangalie mtu ambaye hakutaka kukwepa. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Oginga Odinga, rafiki yake wa zamani aliyekuwa sasa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, alikuwa pale mbele. Umati ulipiga kelele. Kenyatta alijua Kiingereza kizuri. Alisomea London, na kitabu chake cha Kiingereza kuhusu Wakikuyu kilichapishwa mwaka wa 1938. Angeweza kuwatukana kwa Kiingereza cha profesa. Hakufanya hivyo. Alichukua Kiswahili na kuwatukana wapinzani kupitia mama zao, hadharani, mbele ya watoto na mawaziri. "Nyoko" ni Kiswahili cha "mama yako", na kwa Kiswahili hata huhitaji kutaja kiungo. Ukimtaja mama kwa ile sauti tu, tusi limekamilika. Msafara wake ulipoondoka walinzi walifyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11, na wengine wamesema siku zote ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Sisemi tusi ndilo lililoua watu. Risasi ndizo zilizoua. Nasema hivi: mtu aliyetaka neno lifike, lichome, na kila aliyesimama pale alielewe mara moja, alichagua Kiswahili. Sisi tunachagua Kiingereza kwa sababu hiyohiyo iliyogeuzwa. Hatutaki lifike.

Basi tukihesabu, kuruka kunatupa nafuu tatu. Ya kwanza ni mama. "Fak" halina mama ndani yake, kwa hivyo unaweza kulitoa bila kumvuta mzazi wa mtu kwenye ugomvi. Ya pili ni umri. Kiswahili kinakukumbusha wewe ni nani mbele ya nani. Ukisema neno chafu kwa Kiswahili mbele ya mzee umemkosea yeye, hata kama hukuwa unaongea naye. Kwa Kiingereza unajifanya mzee hayuko. Ya tatu ni umiliki. Neno likileta shida unasema "ilikuwa tu kuongea", kana kwamba limetoka kwa filamu na si kwa mdomo wako.

Kwa matusi ya stejini, kusema kweli, hiyo si dhambi kubwa. Pengine hata imepunguza ngumi. Shida ni kwamba njia hiyohiyo ya kukwepa tunaitumia mahali ambapo hatufai kukwepa kabisa. Hapo nataka tukae kidogo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, inasema mtu akishtakiwa kwa kumdhulumu mtoto kingono, upande wa mashtaka lazima uthibitishe vitu vitatu: umri wa mtoto, kwamba mshtakiwa ndiye aliyefanya, na kwamba kiungo kiliingia, hata kama ni kidogo tu. Adhabu inapanda kadiri mtoto alivyo mdogo. Mtoto akiwa na miaka 11 ama chini ya hapo, ni kifungo cha maisha. Kwa hivyo kesi nzima inaweza kusimama ama kuanguka kwa sentensi moja ya mtoto. Lazima aseme ni kitu gani kiliingia wapi.

Sasa mpeleke mtoto wa miaka tisa mbele ya hakimu. Anaongea Kiswahili. Hakuna mtu aliyewahi kumpa neno la kawaida la kiungo chake. Tusi analijua, lakini amefundishwa kwamba akilisema ni mtoto mbaya, na leo amevalishwa vizuri na kuambiwa awe na adabu. Jina la Kiingereza hajafika darasa lake. Basi anasema kile alichonacho: "Alinifanyia tabia mbaya." Hakimu wa chini anaruhusiwa kuendesha kesi kwa Kiingereza ama Kiswahili, na rekodi mara nyingi inaandikwa kwa Kiingereza. Kesi ikipanda Mahakama Kuu, lugha ni Kiingereza. Wakili wa mshtakiwa anasimama kwa rufaa na kuuliza swali ambalo kisheria ni halali: tabia mbaya ni nini? Kuiba sukari si tabia mbaya?

Hii haikutokea mara moja. Ilitokea mara nyingi mpaka mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikalizungumzia wazi. Majaji walikusanya maneno ambayo watoto wa Kenya walikuwa wametumia kwa kesi mbalimbali, kutoka sehemu tofauti za nchi. "Alinifanyia tabia mbaya" lilikuwa hapo. Mtoto mwingine alisema alidungwa na mwiba. Mwingine akasema mtu alitumia kitu chake cha kukojolea. Mwingine akasema dudu liliwekwa mapajani. Mahakama ilisema watoto huwa na haya na aibu kusimulia mambo kama hayo mbele ya watu, na kwamba korti za Kenya kwa jumla zimekubali maneno ya aina hiyo kuwa yanaeleza kitendo chenyewe.

Uamuzi huo ulikuwa wa huruma na wa akili. Lakini usome tena ile orodha, kwa sababu ni orodha ya kile ambacho watu wazima walikataa kuwapa watoto. Mwiba, dudu, kitu. Na korti kukubali maneno hayo hakumalizi kazi. Mwendesha mashtaka mzuri bado atamuuliza mtoto polepole: tabia mbaya gani, alitumia nini, alikuweka wapi, uliumia wapi, nionyeshe kwa mwanasesere. Daktari bado lazima ajaze fomu ya P3 na aandike alichokiona. Mwendesha mashtaka mvivu akiishia kwa "tabia mbaya" na hakuna ripoti ya daktari ya kuisaidia, mwanya unabaki, na kuna watu wanaopita hapo.

Na sisi wakubwa tukisimulia kesi hiyohiyo mtaani tunafanyaje? Tunaruka. Tunasema mtoto "alireipiwa", haraka, kwa sauti ya chini, halafu tunaendelea. Kiswahili cha habari nacho kinasema mtoto "amenajisiwa". Fikiria hilo neno. Najisi ni uchafu wa kidini, kitu kinachohitaji kuoshwa. Ukisema mtoto amenajisiwa, uchafu umeuweka juu ya mtoto, na mwanaume aliyefanya ametoka kwa sentensi akiwa msafi. Tukikimbia neno hilo kwenda Kiingereza, tunakwepa aibu, sawa, lakini tunaliacha palepale bila kulirekebisha.

Kuna wenye watasema kutaja viungo kwa Kiswahili ni kukosa adabu, ni kuiga wazungu. Mimi naona ni kinyume. Anayeiga ni yule anayeamini mwili wake unaweza kutajwa kwa heshima kwa lugha ya mtu mwingine tu. Wengine watasema kila lugha duniani ina tafsida, na hilo ni kweli. Hakuna anayetaka hotuba ya viungo wakati wa chakula. Lakini lugha nyingine huwa na ngazi ya katikati, kati ya tusi na mnong'ono, na sisi ngazi hiyo tunayo kwa kamusi na hatuikanyagi.

Kwa hivyo endelea na "shiti" yako ukigonga kidole, hakuna atakayekushika. Lakini kama una mdogo wako nyumbani, ama mtoto wa dada yako, mfundishe maneno mawili kwa Kiswahili, kwa sauti ileile unayomfundishia "goti" na "sikio": uume, uke. Mwambie hakuna kofi kwa kuyasema. Atacheka siku mbili, halafu yatakuwa maneno tu. Na siku akihitaji kumwambia mtu mzima kitu kibaya kimetokea, hatahitaji mwiba wala dudu, na hakuna wakili atakayemuuliza alimaanisha nini.